Kitabu cha wafanyakazi kikitoka Dar kwenda Lamu: kunakili, kutia kiraka au kuandika upya?

Hoteli ndogo ya Shela, Lamu, yenye wafanyakazi 31 iliniletea kitabu cha mwongozo wa kazi cha kurasa 40. Kimetoka kwa kampuni mama iliyoko Dar es Salaam, nacho kimeandikwa kwa Kiswahili fasaha mno. Meneja alitaka nikipitie tu, nitoe "Tanzania" nitie "Kenya", nibadilishe shilingi kwa shilingi, kisha kipigwe chapa kabla hoteli haijafungwa kwa msimu wa kusi. Aliniuliza, "Kiswahili ni kile kile, unatafsiri nini hapo?"

Swali lake lina haki ya kujibiwa, na waajiri wengi wa pwani hii wanaofungua tawi kutoka ng'ambo ya mpaka wataliuliza vile vile. Maneno kweli ni yale yale: likizo, majaribio, onyo, kusimamishwa. Lakini kila moja limefungwa kwenye sheria yake. Kitabu cha Dar kimesimama juu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Lamu iko chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. (Na kama kitabu kingetoka Unguja, kingekuwa na msingi wa tatu, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Uliza mapema kitabu kimetoka upande gani wa maji.)

Mwenye hoteli ana njia tatu. Ya kwanza ni kunakili: maandishi yabaki, majina yabadilishwe. Ya pili ni kutia kiraka: maandishi yabaki, ila mwanzoni au mwishoni iongezwe sentensi ya kusema kwamba pale kitabu kinapotofautiana na sheria za Kenya, sheria za Kenya ndizo zitakazofuatwa. Ya tatu ni kuandika upya sura zinazogusa haki, kwa kuanzia na sheria ya hapa. Nitazipitisha njia hizi kwenye likizo, majaribio na nidhamu, kwa sababu hapo ndipo zinapoachana.

Likizo: siku ni siku gani?

Kitabu cha Dar kinasema mfanyakazi atapata "likizo ya mwaka ya siku 28". Sheria ya Kenya inataka zisizopungua 21. Ukisoma haraka utaona kitabu ni karimu kuliko sheria, utakipitisha, na utakuwa umekosea.

Zile 28 za Tanzania ni siku mfululizo. Zinahesabiwa pamoja na siku za mapumziko, na sikukuu ikiangukia katikati nayo inaliwa humo humo. Zile 21 za Kenya ni siku za kazi. Siku ya ofu haihesabiwi, na sikukuu ya serikali haihesabiwi. Kwa hiyo huwezi kujua ipi ni kubwa mpaka ujue mtu huyo anafanya kazi siku ngapi kwa wiki.

Tuchukue watu wawili wa hoteli hiyo hiyo. Mpishi anafanya kazi siku sita na ana ofu moja. Karani wa hesabu anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Hoteli inafungwa siku 28, kuanzia Alhamisi tarehe 1 Mei hadi Jumatano tarehe 28 Mei, kama kalenda ilivyokuwa mwaka 2025, na watu wote wanapelekwa livu kwa mpigo. Kwa hesabu ya Dar kila mmoja amemaliza likizo yake, hadaiwi wala hadai.

Kwa hesabu ya Kenya mambo ni mengine. Wiki nne za mpishi zina siku za kazi 24. Toa tarehe 1 Mei, ambayo ni Sikukuu ya Wafanyakazi, zinabaki 23. Amepata haki yake ya 21 na mbili juu. Wiki nne za karani zina siku za kazi 20, na ukitoa ile tarehe 1 Mei zinabaki 19. Karani bado anaidai hoteli siku mbili, ilhali kitabu kinamwambia amemaliza. Kosa hili halionekani kwenye neno lolote, kwa sababu "siku" imeandikwa sawasawa. Linaonekana pale tu unapokaa na kalenda na ratiba ya zamu.

Kunakili kunaanguka hapa moja kwa moja. Kiraka kinajitahidi kidogo, kwa sababu karani akienda kwa afisa wa leba ataambiwa haki yake. Lakini kitabu chenyewe hakimwambii kuna haki ya kwenda kuulizia. Na kwa upande wa pili kiraka kinavuruga. Sheria ya Kenya yenyewe inasema masharti yake ni kiwango cha chini, na mkataba ukitoa zaidi, ile ziada ndiyo inayoshika. Sasa mpishi aliyeahidiwa 28 na kiraka kikimwambia "sheria ya Kenya itafuatwa", je, ana 28 au 21? Mwenye hoteli atasoma hivi, mpishi atasoma vile, na wote wawili wana hoja.

Mwanya huo huo uko kwenye likizo nyingine, ila mahali pengine unapendelea huyu na pengine yule. Tanzania inatoa siku 84 za uzazi, ambazo ni wiki 12 kamili. Kenya inatoa miezi mitatu, yaani siku chache zaidi. Baba wa Tanzania ana siku 3, wa Kenya ana wiki mbili. Ukinakili, umemnyima mtu. Lakini ugonjwa umegeuka kabisa. Sheria ya Tanzania inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ya Kenya inatoa, kwa kila miezi 12, siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, kwa aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo. Ukinakili hapa, hoteli ya watu 31 imejifunga ahadi ambayo huenda mwenyewe hakuikusudia. Sheria ya Tanzania pia inatoa siku 4 zenye malipo kwa msiba wa jamaa wa karibu. Sheria ya Ajira ya Kenya haina likizo ya msiba. Ukitia kiraka, mfanyakazi wa Lamu aliyesoma kwamba ana siku nne za kumzika babake atafiwa halafu aambiwe kifungu hicho hakina nguvu.

Ndiyo maana sifungui faili la tafsiri kabla ya kumpelekea mwenye hoteli orodha ya maswali. Je, unakusudia kweli kutoa siku 126 za ugonjwa? Siku nne za msiba zibaki? Hesabu yako ya likizo ni siku za kazi au siku mfululizo? Orodha yangu ya kitabu hiki ilikuwa na maswali 17 na ukurasa mmoja na nusu. Mfasiri hana mamlaka ya kumpunguzia mtu livu wala kumwongezea. Akifanya hivyo kimya kimya kwa kuchagua neno, ameamua jambo lisilo lake.

Kwa Lamu kuna jambo moja zaidi. Orodha ya sikukuu katika kitabu cha Dar ina Maulidi, kwa sababu nchini Tanzania ni sikukuu ya taifa. Nchini Kenya si sikukuu ya taifa. Ukinakili orodha, umeahidi siku ya mapumziko. Ukiifuta kwa kufuata kalenda ya serikali, umeifuta Maulidi katika mji wa Lamu, wiki ambayo wageni wamejaa na watu wa kazi wenyewe wanataka kuwa Msikiti wa Riyadha. Niliiweka kwenye maswali. Jibu lilikuja kwamba ibaki kama siku ya hoteli, kwa zamu, na hivyo ndivyo nilivyoiandika, mbali na orodha ya sikukuu za serikali.

Majaribio: nani anaongeza muda?

Hapa nitaweka maandishi yenyewe ubavu kwa ubavu. Kitabu cha asili, ambacho ndicho utakachopata ukinakili:

> Mfanyakazi mpya atakuwa katika kipindi cha majaribio cha miezi sita. Mwajiri anaweza kuongeza kipindi hicho endapo hajaridhika na utendaji wa mfanyakazi.

Chenye kiraka:

> Mfanyakazi mpya atakuwa katika kipindi cha majaribio cha miezi sita. Mwajiri anaweza kuongeza kipindi hicho endapo hajaridhika na utendaji wa mfanyakazi, kwa kuzingatia sheria za Kenya.

Kilichoandikwa upya:

> Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Hoteli ikitaka kuongeza muda, itakaa nawe kabla miezi hiyo haijaisha na kukueleza sababu. Muda utaongezwa ukikubali, na makubaliano yataandikwa na kutiwa saini. Nyongeza haitazidi miezi sita. Mkitaka kuachana ndani ya majaribio, wewe au hoteli atatoa notisi ya siku saba, au hoteli itakulipa mshahara wa siku saba badala ya notisi.

Katika toleo la kwanza kuna maneno mawili yanayofanya kazi yote: "anaweza kuongeza". Mwenye uwezo ni mwajiri peke yake. Sheria ya Kenya inaruhusu majaribio yasiyozidi miezi sita, na nyongeza isiyozidi sita mingine, lakini kwa kukubali mfanyakazi. Toleo la pili halikuondoa kosa. Limelificha nyuma ya maneno matano ambayo hakuna mpishi wala meneja atakayeyafuatilia.

Fikiria mpishi aliyeanza kazi tarehe 1 Novemba. Miezi sita inaisha tarehe 30 Aprili, na kesho yake hoteli inafungwa. Siku hizo meneja anahangaika na mashua, mafriji na madeni ya wauza samaki, hana wakati wa kukaa na mtu. Hoteli inafunguliwa tena, naye anamwambia mpishi, "Bado uko kwenye majaribio, nimekuongezea miezi mitatu." Kwa kitabu kilichonakiliwa amesema sawa. Kwa sheria ya Kenya hakuna aliyekubali chochote, na mtu yule hayuko tena kwenye majaribio. Akimwachisha kwa notisi ya siku saba anajitia kwenye kesi, kwa sababu mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anastahili notisi ya siku 28.

Tofauti ya pili iko ndani zaidi. Sheria ya Tanzania inasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo kitabu cha Dar kina sentensi isemayo kwamba aliye kwenye majaribio hana haki ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Sheria ya Kenya ya 2007 nayo ilikuwa na kifungu kinachofanana, kilichomweka mtu wa majaribio nje ya haki ya kusikilizwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Nilimshauri meneja aifute sentensi ile kabisa na kumsikiliza kila mtu, wa majaribio na asiye wa majaribio, kwa utaratibu mmoja. Kikao cha nusu saa hakimgharimu kitu.

Nidhamu: mlango upi wa kugonga?

Sura ya nidhamu ndiyo iliyonilaza macho. Kitabu cha Dar kinasema anayetuhumiwa "atasimamishwa kazi kupisha uchunguzi". Kwa msomaji wa Dar, kusimamishwa ni kwa muda, mshahara unaendelea, na mtu anaweza kurudi. Niliisomea sentensi hiyo wafanyakazi wanne wa hoteli, mmoja mmoja, nikawauliza mtu huyu yuko kazini au hayuko. Watatu walisema hayuko tena, amefutwa. Mama mmoja wa usafi, wa Langoni, aliniambia, "Mwanangu, mtu akisimamishwa si kashasimama? Atarudi vipi?"

Sikutafuta neno jingine la kitaalamu. Niliandika: "utakaa nyumbani kwa muda huku uchunguzi ukiendelea, bado wewe ni mfanyakazi wa hoteli na mshahara wako unaendelea." Ni ndefu, lakini hakuna anayeikosea. Kumwachisha mtu kabisa nimekuita "kufutwa kazi", kwa sababu ndivyo wasemavyo hapa, na nikalitumia neno hilo peke yake sura nzima. Katika kitabu cha asili yalikuwepo matatu, kuachishwa, kufukuzwa na kusitishiwa ajira, na haikuwa wazi kama ni adhabu tatu au moja.

Kisha utaratibu. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe, na kuwasikiliza wote wawili. Hata kosa likiwa kubwa la kufutwa papo hapo bila notisi, kumsikiliza kuko pale pale. Kitabu cha Dar kina kamati ya nidhamu ya watu watano, jambo linaloweza kufanyika kwenye kampuni kubwa. Shela, watano hao wangekuwa meneja, mpishi mkuu, nahodha na jamaa zao wawili. Na kitabu hakikutaja kwamba mtuhumiwa anachagua mtu wa kukaa naye. Nilipoandika upya, kamati iliondoka na huyo mtu akaingia, pamoja na sentensi ya lugha: kikao kitafanywa kwa Kiswahili, au kwa lugha nyingine ukiomba.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye mstari wa mwisho wa sura, na ni rahisi kuupita. Unasema asiyeridhika "atapeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30". Tume hiyo ni chombo cha Tanzania. Kenya haiko. Nahodha akifutwa kwa tuhuma ya lita 20 za petroli, akisoma mstari huo atatafuta ofisi isiyokuwepo Lamu wala Mombasa. Siku ya 31 ataamini amechelewa, na hapo ataacha. Kumbe chini ya sheria ya Kenya malalamiko hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, na mlango wa mahakama unakaa wazi miaka mitatu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Malindi, mbali kwa mtu wa Lamu, lakini inafikika.

Kiraka hakimwokoi nahodha huyu. Kinamwambia sheria za Kenya zitafuatwa, na mstari wa chini yake unamwambia siku 30. Kati ya sentensi ya jumla na tarakimu, mtu atashika tarakimu.

Ipi kwa nani?

Kunakili kunafaa kwa sura zisizogusa haki: mapokezi ya wageni, sare, usafi wa jikoni, usalama wa mashua, simu kazini. Katika kitabu hiki hizo zilikuwa kurasa 27, na Kiswahili chake ni kizuri, hakihitaji mkono wangu. Nilibadilisha maneno machache tu ambayo huku yanasomeka kigeni. Siku mbili zilitosha.

Kiraka sikipendekezi kwa hoteli yoyote, hata iliyo na haraka. Kinamlinda mwajiri kwa macho tu. Mahali pekee nilipokiona kikisaidia ni kwenye notisi ndani ya mwezi mmoja wakati kitabu kipya kinaandikwa, na hata hapo nilitaka kitaje kurasa: "Ukurasa wa 11 hadi 23 hazitumiki Kenya; muulize meneja." Hivyo msomaji anajua mistari ipi imekufa.

Kuandika upya ndiko kwa likizo, majaribio, nidhamu na malalamiko. Kurasa 13 zilinichukua siku nane, tatu kati ya hizo nikisubiri majibu ya yale maswali 17. Wakili wa Malindi alizisoma kwa siku moja. Gharama yake ni kubwa kuliko ya kunakili, lakini si mara tano kama meneja alivyodhani. Kama fedha haitoshi kwa yote, anza na sura ya nidhamu, kisha kifungu cha majaribio. Likizo inaweza kusubiri mwezi, mradi ubandike jedwali la siku za kazi karibu na ratiba ya zamu.

Kabla ya kupigwa chapa tulikisoma kwa sauti barazani, jioni mbili, baada ya magharibi. Kwenye likizo nahodha alinyoosha mkono. "Ofu yangu ni Ijumaa. Nikienda livu Jumatano mpaka Jumatano ya pili, nimetumia siku ngapi?" Tukahesabu pamoja na watu wote: kuanzia Jumatano ya kwanza hadi Jumanne ni siku saba, toa Ijumaa, sita. Ile Jumatano ya pili ni siku ya kurudi kazini au ya saba ya livu? Kitabu hakikusema. Niliongeza sentensi moja usiku ule: siku ya kwanza na ya mwisho ya livu zitaandikwa kwenye fomu, na siku ya kurudi kazini itaandikwa mstari wake mwenyewe.